Mama Futi na Karatasi Namba Saba

Sijawahi kumwamini mtu anayeweza kutabasamu akiwa na pini mdomoni, na Mama Futi alitabasamu hivyo miaka yote niliyomjua. Chumba chake cha ushonaji kilikuwa nyuma ya duka la viatu: cherehani ya kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia nguo iliyolainika kwa kupitishwa mikono, na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Jina alilipata kwa ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi kufunga, hata kanisani, hata msibani. Aliolewa mapema, akafiwa mapema, akamlea binti mmoja kwa sindano. Shule aliishia darasa la saba. Kisha kanisa likaanzisha kozi ya miaka miwili ya kusoma Maandiko kwa wanaotaka kuwa wahubiri wasaidizi, naye akajiandikisha, eti apate kuelewa wanachoimba wanakwaya anaowashonea majoho. Akawa wa kwanza darasani. Mwalimu wake alipohamishwa, darasa likabaki mikononi mwake, kila Jumamosi alasiri, na sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Mimi ni karani wa baraza la wazee wa kanisa hilo. Siku za kazi natunza ghala la vifaa vya ujenzi, na kazi hiyo humzoesha mtu kutoliamini gunia la saruji mpaka aliinue mwenyewe. Watu huniita Pua, kwa sababu nanusa mambo. Sijawahi kukasirika. Mtu asiyenusa ataletewa mchanga wenye chumvi, na nyumba ya mtu itapasuka.

Mwaka jana binti wa Mama Futi alikamatwa kwa wizi wa dawa katika zahanati alikokuwa akifanya kazi. Hakukana. Akafungwa. Mama yake akaendelea kushona na kufundisha, futi shingoni, kama kawaida, na hiyo kawaida ndiyo iliyonitia shaka. Kisha zikanifikia habari kwamba darasani anafundisha kuwa ule msemo wa Mithali, kwamba mtoto aliyelelewa katika njia impasayo hataiacha hata uzeeni, si ahadi.

Haya. Binti yako yuko jela, na wewe unafundisha kwamba maneno hayo si ahadi. Nani asingeuona mshono hapo?

Nilipeleka shaka hiyo barazani. Mwenyekiti wetu, seremala mstaafu asiyependa maneno mengi, aliniambia nihudhurie darasa mwezi mzima, kisha nilete ripoti. Ikithibitika kwamba Mama Futi anapindisha Neno ili ajifunike, atanyang'anywa darasa na funguo za chumba, na hatafundisha tena popote kanisani. "Chunguza, karani, usihukumu," alisema. Nililibeba lile neno la kwanza na kuondoka nalo.

Darasa lilikuwa chumba cha pembeni, kile kinachotunzia viti vya ziada na masanduku ya vitabu vya nyimbo. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Aliyekaa mbele kabisa alikuwa dereva wa lori, mtu mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Nyuma yake alikaa muuguzi ambaye kila mara alikuja na sare yake ya kazini. Mimi nikakaa mwisho, karibu na mlango, na daftari jipya.

"Karibu, karani," Mama Futi alisema. "Umekuja kujifunza au kupima?"

"Kusikiliza tu, mama."

"Vizuri. Wanaosikiliza nao hupewa karatasi." Akanipa.

Jumamosi ile aliwasomesha jambo moja mara mbili. Kwanza sura ya kumi na nne ya Kutoka, inayosimulia kwamba upepo mkali wa mashariki ulivuma usiku kucha, bahari ikarudi nyuma, watu wakavuka pakavu. Kisha wimbo wa sura ya kumi na tano, unaosema maji yalirundikana kwa pumzi ya pua za Mungu. Akauliza tofauti iko wapi.

Dereva alikuna kichwa. "Mwalimu, kwani Mungu ana pua?"

Darasa zima likageuka kunitazama mimi. Nilijifanya naandika.

"Hilo ndilo swali la leo," Mama Futi alisema, akisubiri vicheko viishe. "Anayesimulia anakuambia kilichotokea, hatua kwa hatua, upepo ulitoka upande gani, watu walipita wapi. Anayeimba ameshavuka. Yuko ng'ambo, nguo bado zina chumvi, anataka uione nguvu iliyomwokoa. Ukimshika mwimbaji ukamdai vipimo vya pua, umemwonea. Na ukimshika msimulizi ukasema upepo wake ni picha tu, umemwonea naye." Akawaonyesha pia jinsi mistari ya shairi inavyokwenda miwili miwili, wa pili ukiurudia wa kwanza kwa maneno mengine, au ukiupinga, au ukiusogeza mbele kidogo, na kwamba asiyelijua hilo ataihesabu mistari miwili kuwa habari mbili.

Niliandika: *Anasema Maandiko mengine ni picha.* Nikapigia mstari.

Jumamosi ya pili akaleta misemo miwili ya Mithali iliyoandikwa bega kwa bega. Mmoja unakataza kumjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, unaoufuata unaagiza ajibiwe. Muuguzi akasema lazima mmoja ulikosewa na mwandishi. Mama Futi akacheka.

"Kama ni sheria, kweli huwezi kuitii yote miwili. Sheria inasema acha pembe za shamba lako kwa ajili ya maskini, na aliyeacha ameacha, asiyeacha hakuacha. Lakini hii ni hekima. Aliyeiweka pamoja alikuwa anajua anachofanya. Wewe zahanati unakutana na mgonjwa mkorofi. Kuna siku unanyamaza, kuna siku unamjibu. Msemo haukuondolei kazi ya kupambanua ni siku gani."

"Na ule wa mtoto?" muuguzi akauliza.

Mimi nikashika kalamu vizuri.

"Ule nao ni hekima," alisema, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Unaeleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida, na unamwagiza mzazi ashike kazi. Si hati ya ahadi. Mithali hiyohiyo ina mwana anayedharau mafundisho ya baba yake, na haisemi baba hakufundisha."

Niliandika neno kwa neno. Moyo ulinidunda kwa furaha, nakiri, kama siku niliyomkamata dereva wa kampuni fulani akiniletea nondo pungufu.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya maombolezo. Akawasomea Zaburi ya themanini na nane, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mwanga hata wa kibiriti. Dereva akataka kuongeza "lakini Bwana atatenda" mwishoni. Mama Futi akamwambia aiache kama ilivyo. "Hii ni sala ya mtu ambaye jibu halijafika. Mungu amekubali iwemo humo bila kumaliziwa. Na wewe vumilia." Aliposema hivyo akashika ncha ya futi yake akaikunja kidoleni, akaikunjua. Nilidhani ni ujanja wa kutuonyesha majonzi.

Kabla ya kufunga akagawa Karatasi Namba Saba, ya mazoezi ya nyumbani. Ilikuwa na vifungu vinne bila jina la kitabu wala sura: agizo la kutokuvuna pembe za shamba, habari ya mfalme aliyekuwa juu ya dari ya nyumba yake jioni akamwona mwanamke anaoga, mstari wa sala, na cha nne hiki hapa: *Hebu kumbuka, ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana hatia? Nilivyoona mimi, walimao uovu ndio wauvunao.* Chini ya kila kifungu maswali manne. Ni sheria, habari, shairi au msemo wa hekima? Anayesema ni nani, na anamwambia nani? Huyo anayeambiwa yuko katika hali gani? Na kitabu chenyewe, kikifika mwisho, kinamwonaje msemaji?

Nilipokiona kifungu cha nne nilikaribia kucheka peke yangu. Hayo maneno niliyajua kwa moyo. Yalikuwa kwenye kalenda ya ukutani pale ghalani, mwezi wa nane, chini ya picha ya shamba. Niliyapenda kiasi kwamba nilishawahi kuyaandika kwenye kadi ya rambirambi, nikampelekea dada yangu mkubwa shemeji alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi na kufa. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Tangu hapo dada haji kwangu, na akinipigia simu huwa na haraka. Nimekuwa nikishuku kwamba ananionea wivu, kwa kuwa mimi watoto wangu wamesoma na nyumba yangu imeezekwa vizuri.

Basi nikajisemea, huyu mwanamke amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Maneno yanayomhukumu ameyaandika kwa mkono wake, wala hajui. Maswali sikuyajibu; Jumamosi iliyofuata nikairudisha tupu. Mimi nilikuwa kazini.

Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha kwamba mafundisho hayo aliyaanza baada ya binti kukamatwa. Nilimfuata dereva kwenye egesho la malori, nikamwomba karatasi zake za zamani, maana mtihani wa wahubiri wasaidizi alishaufanya mara mbili bila kufaulu. Alinipa zote, zimekunjwa ndani ya bahasha ya bima. Katika moja, ya miaka mitatu nyuma, palikuwa na ule msemo wa mtoto, na chini yake kwa mwandiko wa Mama Futi: *hekima, si ahadi.* Miaka mitatu. Binti wakati huo alikuwa hajaajiriwa hata hiyo zahanati.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikawaza: kumbe alishajua mapema kwamba mtoto ataharibika, akaanza kujijengea kichaka. Nilimrudishia dereva bahasha yake, nikamshukuru, na jambo hilo sikuliandika kwenye ripoti.

Baraza lilikaa Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha wazee, meza ndefu na viti sita. Mwenyekiti alikaa kichwani mwa meza, wazee wengine watatu pembeni, Mama Futi upande wa dirisha. Alikuwa ameomba aje na mwanafunzi mmoja, akamleta dereva, aliyekaa akiwa amekumbatia bahasha yake. Nilisoma ripoti nimesimama. Nilisoma vizuri, nina sauti ya kusomea. Nikaeleza picha, nikaeleza misemo isiyo ahadi, nikaeleza binti. Nikamalizia hivi: "Na Mungu mwenyewe ametuwekea kipimo. Ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana hatia? Walimao uovu ndio wauvunao. Nyumba ya mwalimu wetu imevuna. Na tujiulize ilipanda nini."

Wazee wawili walitikisa kichwa kukubali. Mama Futi hakuinuka.

"Mzee mwenyekiti, naomba nimwulize karani swali moja."

"Uliza, mama."

"Karani, baba yangu, hayo maneno ya mwisho. Anayesema ni nani?"

"Nimeshasema. Mungu."

Dereva alikohoa. Nikamtazama, akatazama mlango.

"Yako Ayubu, sura ya nne," Mama Futi alisema. "Mwenyekiti atusomee mwenyewe, sura inapoanzia."

Mwenyekiti akavaa miwani, akafungua polepole, kidole kikifuata mstari. *Ndipo Elifazi akajibu.* Akaacha. Akanitazama juu ya miwani, halafu akarudi kwenye kitabu.

"Anamwambia nani?" Mama Futi aliuliza, kama yuko darasani.

"Anamwambia Ayubu," dereva alijibu kabla ya mtu mwingine.

"Yuko katika hali gani?"

"Anakaa kwenye majivu, mwalimu. Amezika watoto kumi. Ana majipu mwili mzima. Na sisi tunaosoma tumeshaambiwa sura ya kwanza kwamba hakukosa. Elifazi ndiye hajui."

"Na mwisho wa kitabu?"

Mwenyekiti alifunua kurasa mpaka sura ya mwisho, akasoma kimya, midomo ikichezacheza. Kisha akatueleza kwa maneno yake: Bwana anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kumhusu yeye, kama alivyonena Ayubu.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa haraka. "Imo ndani ya kitabu," nilisema. "Imeandikwa. Na maneno kama hayo yamo hata katika Mithali."

"Imeandikwa, kama yalivyoandikwa maneno ya Farao," alisema. "Na ni kweli, Mithali inasema anayepanda ubaya huvuna ubaya. Kwa kawaida ndivyo maisha yalivyo, na ni vizuri kijana aambiwe kabla hajapanda. Elifazi aliligeuza neno hilo. Alimkuta mtu analia, akasema, kama unalia basi ulipanda. Hekima haikupewa kazi hiyo."

Nilipomtazama, kwa mara ya kwanza sikumwona akitabasamu.

"Wazee wangu, kama ule msemo wa mtoto ni sheria, nipeni adhabu. Kama ni ahadi, basi mshtakini aliyeahidi, maana mimi nilimlea. Nilimpeleka njia impasayo kwa miguu hii. Kila asubuhi nikikanyaga cherehani najiuliza nilikosea wapi, na sijui. Nikifundisha sheria, nafundisha sheria. Nikifundisha hekima, siwezi kuigeuza kamba ya kumfungia mtu, hata mtu huyo angekuwa siyo mimi."

Mzee mmoja akauliza kama si kweli kwamba mafundisho haya yalianza baada ya binti kufungwa. Dereva akafungua bahasha ya bima, akatoa karatasi, akaisukuma mezani.

"Hii ni ya miaka mitatu nyuma," alisema. "Karani aliiomba, akaisoma pale egeshoni, akanirudishia. Nilidhani imo kwenye ripoti."

Mwenyekiti akaangalia tarehe. Akaipitisha kwa wenzake, na ilipomaliza mzunguko ikanifikia mimi, na mimi nikaishika kana kwamba naiona mara ya kwanza. Nilitamani sakafu inimeze. Mwenyekiti hakunikaripia. Alisema ripoti haitaingizwa kwenye kumbukumbu za baraza, na darasa litaendelea Jumamosi kama kawaida. Kisha akaomba sala, fupi.

Nje, Mama Futi alinifuata karibu na bomba la maji. Niliamini amekuja kunicheka, au kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili nisimchongee tena. Alinipa Karatasi Namba Saba, mpya, isiyo na alama.

"Yako ulirudisha tupu," alisema. "Hiki cha nne kifanye vizuri. Hasa swali la tatu. Watu wengi huliruka."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira naye. Niliiweka karatasi mezani, nikachukua kalamu. Anayesema ni nani: Elifazi. Anamwambia nani: Ayubu. Yuko katika hali gani. Hapo mkono ukasimama, kwa sababu sikumwona Ayubu. Nilimwona dada yangu, kitenge kimefungwa kiunoni, ameketi kwenye mkeka siku ya tatu ya msiba, akifungua kadi yangu.

Ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana hatia. Nilimwandikia hivyo mjane wa siku tatu.

Sikungoja kesho. Jua lilikuwa bado juu nilipofika kwa dada. Alikuwa uani anaanua nguo, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoza kodi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Ile kadi, dada. Niliyokuandikia shemeji alipofariki."

Alikunja shati, akaliweka ndani ya beseni, akakunja lingine.

"Nilikitafuta kile kitabu wiki ileile," alisema. "Nilitaka kujua mdogo wangu kwa nini ananiambia mume wangu alistahili. Nilikisoma chote, siku nne. Nikaona wewe hukufika mwisho."

"Miaka sita, dada. Ungeniambia."

"Ningekuambia nini, na wewe ndiye karani?"

Nilikaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na karo, nikalia mbele yake bila kujificha. Miaka sita nilikuwa namshuku wivu. Nilikuwa na karatasi mfukoni bado, imekunjwa mara nne. Niliitoa, nikaifungua juu ya goti, na kwenye swali la tatu, penye nafasi ya mstari mmoja, nikaandika jina la dada yangu.

Aliinama akasoma begani kwangu. Kisha akaniambia nimsaidie kuanua mashuka, maana yalikuwa yameshakauka.